Harusi moja, kasi tatu za fremu

Harusi niliyoihariri Tanga ilikuja na picha za aina tatu. Kamera kuu ilirekodi fremu 25 kwa sekunde, droni 60, na binamu wa bi harusi akaleta simu yake yenye fremu 30. Nilipoziweka zote kwenye mradi mmoja wa fremu 25, picha za kamera zilitiririka bila shida. Klipu ya simu ikawa mtihani: bi harusi aliingia ukumbini kama mtu aliyevaa kiatu kimoja.

Kompyuta ndiyo hulaumiwa kwanza. Kabla ya kuilaumu, isogeze klipu fremu moja moja kwa mshale wa kibodi, ukitazama kitu kinachosogea. Mimi niliona hatua nne zinazolingana, ya tano ikiruka mara mbili yake, kisha nne tena. Kompyuta iliyoelemewa hukwama ovyo ovyo, haina mpangilio kama huo. Hii ilikuwa hesabu: ili fremu 30 zienee kwenye nafasi 25, programu hutupa fremu 5 kila sekunde. Sheikh aliyeketi akisoma khutba ya nikahi haathiriki machoni, lakini kamera ikigeuzwa taratibu au mtu akikatiza mbele, mwendo unachechemea.

Kwa nini basi nisiufanye mradi wote kuwa wa 30? Kamera kuu ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya kazi, na fremu zake 25 zingelazimika kurudiwarudiwa. Nayo ilirekodi 25 kwa sababu ya umeme. Wetu ni wa hezi 50, hivyo taa nyingi za ukumbini hupanda na kushuka mara 100 kwa sekunde. Shata ya 1/50 hukusanya mapigo mawili kamili, kila fremu ikapata mwanga uleule. Shata hiyo ndiyo ya kawaida kwa fremu 25, hivyo kasi hiyo hutufaa. Kwenye DaVinci Resolve kasi hii ya mradi iwekwe kabla ya kuingiza klipu ya kwanza, kwa kuwa baadaye hufungwa.

Droni ilikuwa rahisi. Ukiiacha ijipange yenyewe, programu huruka fremu 2, kisha 3, kisha 2, na bahari inatetemeka. Kwa kuwa haikuwa na sauti, nilifungua Clip Attributes nikaiambia programu iisome kama klipu ya 25. Hakuna fremu iliyotupwa wala kubuniwa. Sekunde 10 zikawa 24, na ufukwe ukapita polepole kwa utulivu.

Simu ilihitaji hatua ya ziada. Simu nyingi hazishiki kasi moja: giza likiingia hupunguza fremu, mwanga ukirudi huziongeza, na baada ya dakika kadhaa midomo na sauti vinaweza kuachana. Hivyo kwanza niliinyoosha iwe na 30 thabiti:

```
ffmpeg -i simu.mp4 -vf fps=30 -c:v libx264 -crf 16 -c:a pcm_s16le simu30.mov
```

Kisha nikaigawa klipu kulingana na kinachosikika. Bi harusi anapoingia hakuna anayezungumza, kuna vigelegele tu. Sauti niliitoa mapema ikawa faili ya pekee yenye kasi yake, halafu picha nikaisoma kama 25, kwa hiyo sekunde 10 zikawa 12. Mwendo wake ukalainika, na wepesi uliopungua ulimfaa kuliko ule wa kweli. Sharti ni moja: usionyeshe mikono ya mpiga ngoma, kwani itaachana na mdundo.

Khutba ilibidi ibaki na kasi yake. Hapo niliiacha kwenye Nearest, yaani ile njia ya kutupa fremu, kwa sababu hapakuwa na mwendo wa kuonekana. Ni sekunde 4 tu, simu ilipogeuzwa kutoka kwa sheikh kwenda kwa wazee, ndizo nilizozipa Optical Flow, inayobuni fremu mpya kati ya zilizopo. Siipendi kuitumia ovyo. Kwenye klipu nyingine ya simu niliijaribu kwa mikono ya bi harusi iliyopishana, na vidole vyenye hina vikayeyuka kama nta. Kuchanganya fremu mbili nako kuliacha kivuli cha pili pembeni mwa kila mkono. Klipu hiyo nikaikata.

Ukimaliza, toa faili na uitazame nje ya programu ya uhariri. Skrini nyingi za kompyuta huonyesha picha 60 kwa sekunde, na 25 haigawiki sawasawa humo, kwa hiyo hata klipu safi ya kamera kuu itagugumia kidogo. Kama skrini yako inakubali, iweke kwenye hezi 50 kwanza, ndipo uhukumu.