Rauta Haizimi: Mwongozo wa Kuipima Kapsheni ya Pasi ya Siku

Kapsheni ya pasi ya siku, yaani maelezo mafupi yanayowekwa chini ya picha mtandaoni ili kumuuzia mtu nafasi ya kukaa katika ofisi ya pamoja kwa siku moja, ina kazi tatu tu: kueleza kasi ya intaneti, kueleza kinachotokea umeme unapokatika, na kueleza saa ambazo mlango uko wazi. Inasikitisha kwamba katika Dar es Salaam, ambako ofisi za namna hii zinazidi kufunguliwa, kapsheni zinazosifiwa zaidi ni zile zisizofanya hata moja kati ya kazi hizo. Maneno kama “Intaneti ya kasi ya ajabu, umeme wa uhakika, karibu ufanye kazi kwa raha!” hupongezwa na kuigwa kama mfano wa lugha inayovutia, ilhali mfanyakazi huru, yaani yule asiyeajiriwa na mtu na anayelipwa kwa kila kazi anayoikabidhi, hawezi kuyatumia kuamua jambo lolote.

Mnunuzi wa pasi ya siku hafanani na mwanachama wa mwezi. Mwanachama huzoea udhaifu wa ofisi yake, hujua kona ambayo mawimbi yanafika vizuri na hujua siku za kubaki nyumbani, lakini mwenye pasi ya siku ameinunua siku hiyo moja kwa sababu ana kikao au ana faili la kukabidhi kabla ya jioni, na siku ikiharibika hakuna ya kufidia. Kwa hiyo kapsheni kwake ni mkataba, na mkataba huandikwa kwa sentensi tano au pungufu, bei ikitangulia, bila alama ya mshangao hata moja. Kapsheni yenye alama ya mshangao karibu na neno “intaneti” haifai kusomwa hadi mwisho.

Kuhusu kasi, hatua ya kwanza ya mpimaji ni kutafuta tarakimu, na ya pili ni kuuliza tarakimu hiyo ni ya upande gani. Kasi hupimwa kwa megabiti kwa sekunde, ambayo kwenye skrini huandikwa Mbps, nayo ina pande mbili: kupakua, yaani kuvuta data kutoka mtandaoni, na kupakia, yaani kuipeleka mtandaoni. Waandishi wengi hutaja kupakua peke yake kwa sababu ndiyo namba kubwa, wakati mfanyakazi huru huishi kwa kupakia, kwani mhariri wa video, mpigapicha na msanifu wote hulipwa baada ya faili kumfikia mteja. Faili la video la gigabaiti 4 ni sawa na megabiti 32,000, kwa kuwa baiti moja ina biti nane. Likipakiwa kwa Mbps 10 linachukua takriban dakika 53, na kwa Mbps 50 linachukua kama dakika 11. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mtu atakula chakula cha mchana, na kapsheni inayoificha haina heshima kwa msomaji wake.

Hila zinazotumika hapa zinafahamika vizuri miongoni mwa wasimamizi wa ofisi hizo. Iliyozoeleka ni kupima kasi alfajiri, ukumbi ukiwa mtupu, kompyuta ikiwa imeunganishwa kwa waya kando ya rauta, kisha kuitundika picha ya matokeo kana kwamba ndiyo hali ya saa tano asubuhi meza zikiwa zimejaa. Nyingine ni neno dogo “hadi”: “hadi Mbps 100” ni sentensi ambayo hubaki kweli hata kasi ikiwa Mbps 3, na mwandishi anayeitumia anajua hivyo. Kipimo kinachoaminika hutaja siku, saa na idadi ya watu waliokuwa ukumbini, na namba ya wastani iliyopimwa hivyo ina thamani kuliko namba kubwa isiyo na saa.

Lakini mahali ambapo asiye fundi hukosea daima, na ambapo kapsheni nzuri hutambulika papo hapo, ni katika umeme. Karibu kila ofisi ya pamoja jijini huandika kwamba ina jenereta, na wasomaji wengi wakiliona neno hilo hutulia, hasa waliopitia mgao wa umeme wa mwaka 2023 na miezi ya mwanzo ya 2024, kabla mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere haijaanza kuliingizia gridi umeme wa kutosha. Swali lenye uzito halihusu jenereta. Linahusu kinachotokea kati ya sekunde ambayo umeme wa gridi umekatika na sekunde ambayo jenereta limeshika, na hasa kinachoipata rauta katika pengo hilo.

Kompyuta ya mkononi ina betri yake, na mtumiaji wake huenda asigundue kwamba umeme umekatika ila kwa feni kunyamaza. Rauta, kile kifaa kinachogawa intaneti ukumbini, haina betri, wala kile kisanduku kidogo cha ukutani kinachopokea mwanga wa faiba na kuugeuza kuwa data hakina. Umeme ukipotea hata kwa sekunde mbili, vyote viwili huzimika, na ukirudi huanza upya kama vilivyowashwa mara ya kwanza: kisanduku hutafuta mawasiliano na mtoa huduma, rauta hupakia programu yake, simu na kompyuta za ukumbi mzima huomba kuunganishwa kwa pamoja. Kwa hiyo jenereta linaweza kushika ndani ya sekunde 15, taa zikarudi, msimamizi akatabasamu, na bado intaneti ikakosekana kwa dakika kadhaa. Kwa mtu aliyekuwa akieleza makadirio ya bei mbele ya mteja wa Nairobi au Dubai, dakika hizo humtoa kwenye kikao, na akirejea hukuta mazungumzo yamehamia kwa mshindani. Jenereta linalowashwa kwa mkono ni baya zaidi, kwa sababu mlinzi hana budi aitwe, ufunguo utafutwe, na dizeli ikaguliwe.

Tiba yake ni UPS, yaani kisanduku chenye betri kinachokaa kati ya soketi na kifaa na kushika mara moja umeme unapokatika, au inveta, mtambo unaobadili umeme wa betri kubwa ili utumike na vifaa vya kawaida. Rauta na kisanduku cha faiba kwa pamoja hula umeme mdogo mno, mara nyingi usiozidi ule wa balbu moja ya kizamani, hivyo hata UPS ndogo huweza kuvishikilia hadi jenereta linapotulia. Ni kifaa cha bei nafuu kuliko kiti kimoja kizuri cha ofisi, na ndiyo maana kukosekana kwake kunaudhi: kuna wasimamizi wanaolipia mpigapicha wa kuipamba sebule kwa mimea huku rauta ikiwa imechomekwa kwenye soketi ya kawaida nyuma ya pazia. Mabingwa wa kazi hii ni wachache, na hutambulika kwa sentensi moja fupi: “Umeme ukikatika rauta haizimi.” Anayeiandika amewahi kusimama ukumbini umeme ukikatika, akaangalia kinachowapata watu, akarekebisha, kisha akaandika.

Jambo linalofuata ni nini kinabebwa na umeme wa akiba. Tuseme ofisi ina betri za inveta zenye kilowati-saa 5, na watu 20 wenye kompyuta za wati 60 kila moja, jumla wati 1,200, pamoja na feni na rauta wati 300. Mzigo huo wa wati 1,500 utadumu kwa saa tatu hivi, lakini kiyoyozi kimoja tu kikiongezwa muda huo unapungua kwa karibu nusu, na ndiyo sababu ofisi nyingi huviacha viyoyozi nje ya akiba. Kuviacha si kosa. Kosa ni kunyamaza kuhusu hilo katika mwezi wa Februari, wakati joto la Dar es Salaam humtoa mtu kwenye kiti kwa haraka kuliko giza.

Kapsheni ifuatayo imetungwa hapa kuonyesha kiwango kinachotakiwa: “Pasi ya siku Sh 15,000. Umeme ukikatika rauta haizimi. Jenereta hushika ndani ya sekunde 15, soketi na feni zinaendelea, viyoyozi havimo. Kupakia Mbps 40, kupakua Mbps 60, imepimwa Jumanne saa 5 asubuhi, watu 22 ukumbini. Jumatatu hadi Jumamosi, saa 2 asubuhi hadi saa 4 usiku, kutoka na kurudi kunaruhusiwa.” Habari ya rauta imewekwa mbele kwa makusudi, kwa kuwa Instagram huonyesha mistari michache tu ya mwanzo na kuificha iliyobaki hadi msomaji abonyeze. Maneno “viyoyozi havimo” ndiyo yanayoyafanya mengine yaaminike, maana aliyekiri upungufu bila kuulizwa hana haja ya kudanganya penye sifa.

Uandishi wa namna hii ulikuwa wa kawaida zamani. Kwenye intaneti kafe za miaka ya 2000, kabla mkongo wa baharini wa SEACOM haujafika Dar es Salaam mwaka 2009, kibao cha mlangoni kiliandikwa kwa kalamu nene: bei ya nusu saa, bei ya kuchapisha ukurasa, na siku mbaya “leo mtandao uko chini”. Kasi ilikuwa duni na kila mtu alilijua hilo, lakini mteja aliingia akijua anachonunua. Kasi imeongezeka tangu hapo, na ukweli wa vibao umepungua. Hata mikongo yenyewe hukatika, kama ilivyotokea tarehe 12 Mei 2024 pale EASSy na SEACOM zilipokatika pamoja na Tanzania ikapungukiwa na intaneti kwa siku kadhaa, hivyo ofisi yenye watoa huduma wawili wanaopita njia tofauti inastahili kulitaja hilo, na yenye mmoja isiandike neno “uhakika”.

Zinabaki saa. “Wazi saa 24” mara nyingi huwahusu wanachama wa mwezi wenye ufunguo, huku mwenye pasi ya siku akiondolewa jioni, na kapsheni isiyotenganisha makundi hayo mawili ni ya udanganyifu hata kama kila neno lake ni kweli. Saa za kufunga zina uzito kuliko za kufungua, kwa sababu wafanyakazi huru wengi hutumikia wateja wa mbali: saa 3 asubuhi ya New York ni saa 10 jioni ya Dar es Salaam kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Novemba, na ni saa 11 jioni miezi iliyobaki. Ofisi inayofunga saa 12 jioni humwachia mtu huyo saa mbili za kuzungumza na mteja wake wakati wa kiangazi cha Marekani, na saa moja tu wakati wa baridi. Ofisi hiyo isitangaze kwamba inawahudumia wafanyakazi huru. Iseme inafungwa saa 12, na anayehitaji usiku atatafuta kwingine kabla hajalipa.