Ukuta wa tofali zima haugharimu mara mbili ya nusu tofali

Ukiomba bei ya ukuta mmoja kwa unene wa aina mbili, iwe Kitale au Bungoma, jibu utakalopewa haraka ni kwamba ukuta wa tofali zima ni nusu tofali mara mbili. Kwa hiyo fundi huchukua hesabu ya nusu tofali, akaizidisha kwa mbili, na mwenye nyumba akaamua papo hapo kwamba unene huo haumfai. Kanuni hiyo ni sahihi kwa kitu kimoja tu, idadi ya matofali. Mota hupita mara mbili, plasta haisogei, na kuna vifaa ambavyo nusu tofali huvihitaji lakini tofali zima halivihitaji kabisa. Ukivitenganisha, tofauti ya bei inakuwa ndogo kuliko watu wanavyodhani, ila inajificha mahali ambapo wengi hawaangalii.

Tuchukue ukuta wa mita 8 kwa mita 3. Ukiondoa mlango na madirisha, zinabaki mita 20 za mraba za kujengwa. Matofali ya kuchomwa ya eneo hili hufinyangwa kwa mkono ndani ya vifremu vya mbao, na kila tanuru lina fremu yake, kwa hiyo kwanza pima tofali lililo mbele yako. Tuseme lina urefu wa milimita 220, upana 105 na kimo 70, na jointi ni ya milimita 15. Tofali likiwa limelala kwa urefu wake, pamoja na jointi yake, huchukua 235 kwa 85 za uso wa ukuta. Gawanya mita moja ya mraba kwa kipande hicho, unapata matofali 50. Nusu tofali basi ni matofali 1,000 na tofali zima ni 2,000, kabla ya kuongeza asilimia 5 hivi ya yanayovunjika kwenye lori na wakati wa kushusha. Hapa fundi yuko sawa.

Kwenye mota hesabu inabadilika. Mota ni ile nafasi inayobaki ukiondoa ujazo wa matofali kwenye ujazo wa ukuta. Katika nusu tofali, kila mita ya mraba inabakiza mita za ujazo 0.024. Katika tofali zima inabakiza 0.058, yaani karibu mara mbili na nusu. Sababu iko ndani ya ukuta wenyewe: matofali mawili yakilala sambamba huacha mwanya katikati, unaopanda kutoka chini hadi juu, nao lazima ujazwe. Mwanya huo haupo kwenye nusu tofali, wala hauonekani kwa mtu anayetazama ukuta uliokamilika. Kwa mchanganyiko wa ndoo moja ya saruji kwa ndoo nne za mchanga, na asilimia 10 ya kumwagika, nusu tofali linakula mifuko minne ya kilo 50 na kidogo. Tofali zima linakula karibu kumi. Aliyezidisha kwa mbili atanunua minane, na saruji itamwishia kabla ya safu za juu. Mara nyingi kinachofuata ni fundi kuuacha mwanya wa ndani mtupu ili saruji ifike. Ukitaka kujua, panda jukwaani kabla safu inayofuata haijalazwa utazame katikati ya ukuta; ukiona giza, hakuna mota.

Sasa tugeukie upande wa pili wa mizani. Nusu tofali la mita 3 kwenda juu ni jembamba kupita kiasi. Kiwango cha Waingereza cha BS 5628, ambacho wahandisi wetu wengi walikitumia kwa miaka na ambacho kiliondolewa mwaka 2010, hakikutaka kimo cha ukuta kizidi mara 27 ya unene wake. Milimita 3,000 kwa 105 ni zaidi ya 28, ilhali tofali zima halifiki hata 14. Kuta za kukingamana husaidia, lakini ukuta wa mita 8 usio na kitu katikati unahitaji angalau vinguzo viwili vya matofali vilivyoshikana nao. Kila kinguzo huongeza tofali moja kwa kila safu, na safu ziko 35, kwa hiyo yanaongezeka matofali 70 na karibu nusu mfuko wa saruji. Matofali hayo hayatokei ukihesabu kwa eneo la ukuta peke yake.

Tuweke bei za mfano, nawe uweke za kwako: tofali shilingi 10 likiwa limefikishwa, saruji 750 kwa mfuko, mchanga 2,500 kwa mita ya ujazo. Nusu tofali pamoja na vinguzo vyake ni kama shilingi 16,200. Tofali zima ni 31,800. Bado inakaribia mara mbili, na hapo wengi hufunga daftari. Lakini ukuta haujaisha, kwani plasta ya pande zote mbili ni mita 40 za mraba kwa unene wowote ule, na kwa bei hizo ni takriban 5,550. Ukiijumlisha, unalinganisha 21,750 na 37,350, ambayo si mara mbili tena, ni mara 1.7.

Atakayepinga atasema matofali yetu hayalingani urefu, na hoja hiyo ina uzito. Katika tofali zima, matofali yanayolazwa kukatiza ukuta hutokeza pale yanapokuwa marefu. Fundi hunyoosha uso mmoja kwa kamba, na ule wa pili unabaki na mawimbi. Plasta ya uso huo ikihitaji milimita 10 zaidi, ongeza kama shilingi 1,850. Hata hivyo, uso ulionyooshwa, ukiwa upande wa nje, unaweza kufungwa jointi tu bila plasta, na hapo unaokoa zaidi ya hicho ulichoongeza. Nusu tofali la nje haliwezi kuachwa hivyo kwa mvua zetu za upepo, kwa sababu maji yana sentimita 10 tu za tofali linalonyonya kabla hayajafika chumbani.

Pingamizi la pili ni la wanaojenga kwa udongo ndani na kufunga jointi kwa saruji nje, jambo la kawaida sana vijijini. Kwao ile mifuko kumi karibu yote inatoweka, na tofali zima linakuwa rahisi zaidi. Ni kweli, ila unene ndio unaoubeba ukuta wa namna hiyo. Nusu tofali kwa udongo mtupu, mita 3 juu, lisijengwe.

Jihadhari pia na tofali kubwa linalosifiwa kwa kupunguza idadi. Tofali la 230 kwa 110 kwa 75, likijengwa kwa jointi ya milimita 20, linatoa matofali 42 kwa mita ya mraba badala ya 50, lakini mota ya nusu tofali inapanda kwa robo. Sehemu ya ulichookoa kwenye tanuru unailipa hadiwea.

Kwa kuta za ndani zisizobeba paa, nusu tofali linatosha. Kwa za nje, ninalipa tofali zima. Fundi akikuletea bei, mwombe kwanza akuandikie vipimo vya tofali, unene wa jointi na mifuko ya saruji kwa kila aina ya ukuta. Kama mifuko ya tofali zima ni maradufu kamili ya ile ya nusu tofali, mrudishie karatasi ahesabu upya.