Miksa au Koki Mbili Pale Presha Isipotabirika

Ukifika duka la vifaa vya ujenzi kutafuta koki ya sinki au ya bafuni, muuzaji atakuletea kwanza miksa ya mkono mmoja, kwa kuwa ndiyo inayong'aa. Kabla hujatoa hela, jiulize: nyumbani kwako maji baridi yanatoka wapi, na ya moto yanatoka wapi?

Baadhi ya nyumba za Dar es Salaam zimefungwa hivi: baridi inaingia moja kwa moja kutoka bomba la mtaani, na moto unatoka kwenye simtanki kupitia hita. Maji ya simtanki hayana nguvu nyingine ila kimo chake. Kila mita moja ya kimo huleta presha ya baa 0.1, kwa hiyo tangi lililo mita 3 juu ya koki linakupa baa 0.3 tu. Bomba la mtaani, siku maji yakija kwa nguvu, laweza kufika baa 2. Siku ya mgao linakauka kabisa.

Koki mbili hazijali tofauti hiyo. Kila maji hutoka kwa njia yake, ukayachanganya kwenye ndoo au beseni. Ndani ya miksa ni mambo mengine. Mna katriji yenye visahani viwili vya kauri vinavyoteleza kimoja juu ya kingine, na maji yote mawili hukutana humo kabla ya kutoka. Mwenye nguvu humsukuma mnyonge. Unaelekeza mkono upande wa moto, inatoka baridi. Mtaani wakikata maji katikati ya kuoga, unabaki na moto mtupu mgongoni.

Jaribu mwenyewe dukani. Inua mkono wa miksa uukalishe katikati, ziba mdomo wake kwa kidole gumba, kisha pulizia kwenye mpira mmoja wa kuingizia maji. Pumzi itatokea kwenye mpira wa pili. Hiyo ndiyo njia ambayo maji ya mtaani hupita kuingia upande wa moto. Sasa funga mkono upulizie tena: pumzi isipite hata kidogo. Ikipita, visahani havikukaa sawa. Rudisha miksa hiyo.

Niliwahi kuitwa kwenye nyumba moja Kimara ambako simtanki lilikuwa likifurika kila usiku. Mwenye nyumba alikuwa amekwisha kubadilisha boya mara mbili. Nilifunga valvu inayoingiza maji kwenye tangi, nikapanda mnarani na tochi. Boya halikuwa likitoa maji, lakini maji yaliendelea kupanda, yakibubujika taratibu kutoka kwenye tundu la chini, lile la kutolea. Chanzo kilikuwa bafuni. Shatafu ilifungwa kwenye miksa, na watu wakimaliza huachia kitufe cha shatafu tu bila kuushusha mkono wa miksa. Shatafu ilifanya kazi ya kile kidole gumba: usiku presha ya mtaani ikipanda, maji yalipita ndani ya miksa, yakarudi kinyume kupitia hita hadi mnarani. Nilishusha mkono, maji yakatulia.

Tungeweza kufunga valvu za njia moja kwenye mabomba yote mawili, lakini nazo hula presha, na presha ya simtanki haina cha kupunguzwa. Tukachukua baridi ya bafuni kutoka simtanki lile lile. Tangu hapo maji mawili yana nguvu sawa, na miksa inatii.

Kulisha kutoka tangi moja hakutoshi kama tangi liko chini. Soma kasha: miksa nyingi zimeandikwa kuwa presha ya chini kabisa ni baa 0.5 au zaidi, yaani mita 5 za kimo. Angalia pia mipira yake. Matundu yake huwa membamba kuliko bomba la nusu inchi, na hapo ndipo maji dhaifu hukwama.

Kuna na mchanga. Maji yakirudi baada ya kukatika huja na kutu na mchanga, vikakwaruza kauri. Katriji haitengenezwi, hubadilishwa, nayo lazima iwe ya kipimo kile kile, mara nyingi milimita 35 au 40. Muuzaji akuonyeshe ya akiba kabla hujalipa. Koki ya kawaida ikivuja huhitaji washa ya mpira tu. Unapoichagua, ifungue kichwa uchungulie kitako ambacho washa hukalia: kiwe shaba, laini, bila mkwaruzo. Kitako kibovu kitakula washa kila mwezi.

Kwa hiyo kama baridi yako ni ya mtaani na moto ni wa tangi, nunua koki mbili. Miksa ifunge pale tu maji yote mawili yanapotoka tangi moja lenye kimo cha mita 5 au pampu.