Mahali pa Ombi: Uhakiki wa Barua ya Kuombea Ruzuku

Wahakiki wetu wameandika mengi juu ya riwaya na utenzi. Barua wameiachia makarani. Hata hivyo barua moja ya ukurasa mmoja, ile inayotangulizwa mbele ya pendekezo la utafiti, yaweza kuamua kama nyimbo fulani zitahifadhiwa au zitazikwa pamoja na waimbaji wake. Makala haya yanakusudia kuichambua barua ya namna hiyo. Waandishi wake, ambao sitawataja, walitaka fedha za kurekodi nyimbo za vugo, zile ambazo wanawake wa pwani huziimba arusini huku wakigonga pembe.

Barua yenyewe ilikuwa na aya tano. Mbili za mwanzo zilimsifu mfadhili, ya tatu ikaeleza ubora wa nyimbo, ya nne umaskini wa waombaji. Mwishoni kabisa ndipo yalipotokea maneno haya: “Tungefurahi sana kama mngeweza kutufikiria kwa msaada wowote, pengine kiasi cha laki sita hivi.”

Tuitazame sentensi hiyo kisarufi. Kiambishi -nge- huliweka tendo katika dhana. Msemaji hadai kwamba litatukia. Katika mazungumzo hutumiwa kwa adabu, nasi sote husema “ningependa” bila ya kudhani kwamba hatutapata. Lakini hapa kimerudiwa mara mbili, kisha kikafuatwa na “kufikiria”, “wowote”, “pengine” na “hivi”. Msomaji anayepitia maombi mengi kwa siku moja hana hakika kama ameombwa fedha au ameombwa fikira. Isitoshe, akifungua bajeti anakuta Sh. 640,000. “Laki sita hivi” imepungua kwa Sh. 40,000, na shaka inaanza: je, hesabu ilifanywa kabla ya barua au baada yake?

Waandishi hawa walidhani kwamba kusema wazi ni kukosa adabu. Lugha yenyewe inawakanusha. Kitenzi -omba kimebeba unyenyekevu ndani yake. Hutumiwa kwa Mungu, kwa mzazi na kwa jirani. Anayesema “nataka” amejikweza, na anayesema “nahitaji” ameeleza hali yake tu, lakini anayesema “naomba” ameshainama. Hana haja ya kuinama tena kwa -nge-. Kwa hiyo ombi lililo wazi kabisa katika Kiswahili laweza kuwa pia ndilo lenye adabu zaidi.

Wala si kweli kwamba mapokeo yetu ya barua yanapenda kuficha haja. Barua za kale za pwani zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu, kama zile alizozikusanya Büttner katika kitabu chake cha mwaka 1892, zilianza kwa heshima na salamu nyingi. Hata hivyo zilikuwa na kilango: “wa baadu”. Mpokeaji alipokifikia alijua kwamba salamu zimekwisha na haja inaanza. Sisi tumezirithi salamu, kilango tumekipoteza.

Ningaliiandika upya barua ile, baada ya salamu ya mstari mmoja, hivi: “Tunaomba Sh. 640,000 kwa muda wa miezi minane, ili tuwarekodi wanawake 24 wa Lamu na Pate na kuzinukuu nyimbo zao za vugo. Unukuzi ndio utakaochukua sehemu kubwa zaidi, Sh. 240,000, kila mwimbaji atapewa Sh. 5,000. Hatuombi mishahara, na chumba cha kazi tunacho. Mkiweza kutoa nusu tu, tutaanza na Lamu peke yake.” Sentensi hiyo ya mwisho haipunguzi ombi. Inamwonyesha mfadhili kwamba waombaji wanaijua kazi yao kiasi cha kuweza kuigawa. (Palipo na sharti la ombi moja lisilogawanyika, na iachwe.)

Unyenyekevu basi ukae wapi? Ukae katika madai ya kitaaluma, mahali ambapo barua ile haikuwa nao hata kidogo. Aya ya tatu ilidai kwamba “hakuna mtaalamu aliyewahi kuzigusa” ngoma za wanawake wa pwani. Mwaka 1979 Margaret Strobel alichapisha kitabu kizima juu ya wanawake Waislamu wa Mombasa, na vyama vyao vya ngoma vimo. Mhakiki wa mfadhili anayekifahamu hatasoma zaidi. Wangesema kwamba Mombasa imeshughulikiwa, nao wanataka kuongeza maneno ya nyimbo za Lamu na Pate, wangalikuwa wanyenyekevu na wenye kushawishi kwa pumzi moja.

Zile aya mbili za sifa sina la kuzifanyia ila kuzifuta. Mfadhili analijua jina lake.