Hassan na Hussein si mtu mmoja

Khamis Juma Ali aliandikishwa katika kituo kimoja; miaka kadhaa baadaye akahama na kuandikishwa upya kama Hamisi Juma Ally. Ni mfano wa kubuni, lakini kila aliyewahi kufanya kazi na daftari la wapiga kura la mwambao wetu ataitambua jozi hiyo. Mwandikishaji huandika anavyosikia, na jina moja la Kiarabu lililozoeleka midomoni mwa Waswahili lina tahajia nyingi zilizo sahihi. Alama za vidole hugundua jozi nyingi za namna hii. Pale vidole vilipochubuka kwa kazi ngumu, au alama zenyewe zilipochukuliwa vibaya, ndipo utafutaji kwa majina unapohitajika.

Kosa la kwanza ni kutumia Soundex, mbinu ya zamani iliyotungwa kwa majina ya Kiingereza. Soundex huihifadhi herufi ya kwanza: Khamis huwa K520, Hamisi huwa H520, na wawili hao hawakutani kamwe. Tunahitaji ufunguo wetu wenyewe. Badili «kh» iwe «h», konsonanti zilizorudiwa ziwe moja, «y» ihesabiwe kama «i», kisha ondoa irabu zote isipokuwa ile inayoanzisha jina. Majina yote mawili hapo juu yanakuwa `hms jm al`. Baada ya hapo, ombi la kutafuta jozi ni fupi:

```sql
SELECT a.id, b.id
FROM wapigakura a
JOIN wapigakura b
  ON a.ufunguo = b.ufunguo
 AND a.mwaka = b.mwaka
 AND a.id < b.id;
```

Sharti la mwisho huhakikisha kila jozi inatokea mara moja tu. Aliyezaliwa 1974 akaandikwa 1947 atakosekana hapa, kwa hiyo hufanywa mzunguko wa pili unaolegeza mwaka na kubana kigezo kingine, kama vile siku na mwezi.

Sasa tazama ufunguo huo unavyodanganya. Salim na Salma wote ni `slm`. Muhammad na Mahmoud wote ni `mhmd`. Kigezo cha jinsia kitawatenganisha Salim na Salma, lakini Hassan na Hussein? Hayo ndiyo majina wanayopewa pacha wa kiume katika nyumba nyingi za Waislamu. Ufunguo wao ni `hsn`, baba mmoja, babu mmoja, tarehe moja ya kuzaliwa, mara nyingi hata kituo kimoja. Kwa kompyuta, hiyo ni jozi kamili. Kwa kweli ni raia wawili wenye kura mbili halali. Picha nayo haitoshi, maana pacha wa kufanana watamchanganya mkaguzi. Alama za vidole vyao, hata hivyo, hutofautiana.

Tarehe ya kuzaliwa nayo haiaminiki kama inavyoonekana. Tuseme wanaume 200 wana jina lile lile, na 40 kati yao, kwa kutoijua siku yao, wameandikiwa 1 Julai. Hao 40 wanaunda jozi 780. Ikiwa kila mmoja ana nafasi sawa ya kuangukia mwaka wowote kati ya miaka 50 ya kuzaliwa, tutegemee jozi 16 hivi za watu tofauti kabisa wenye jina moja na tarehe moja. Marekani ililiona tatizo hili kwa uzito. Mpango wa Crosscheck, ulioanzia Kansas mwaka 2005, ulilinganisha jina na tarehe ya kuzaliwa kati ya majimbo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulikadiria kuwa mojawapo ya njia zake za kufuta majina ingeweza kuzuia kura halali karibu 300 kwa kila kura moja ya pili iliyokomeshwa.

Ndiyo maana orodha inayotoka kwenye kompyuta ni orodha ya maswali tu. Jozi huingizwa katika jedwali la pembeni, na daftari lenyewe haliguswi. Wakaguzi wawili huitazama kila jozi bila mmoja kujua uamuzi wa mwenzake: picha, saini, vidole, namba ya kadi ya zamani. Wakitofautiana, huamua wa tatu. Ili kupima ufunguo, chukua marudio ambayo vidole vilikwisha kuyathibitisha, uone ni mangapi kati yake ufunguo umeyanasa. Kisha chukua sampuli ya jozi zilizonaswa, uhesabu ni ngapi kweli ni mtu mmoja.

Hata marudio yakithibitika, kumbukumbu ya zamani haistahili kuondolewa kwa sababu tu ni ya zamani. Mwenyewe ndiye anayejua anakoishi. Apelekewe taarifa, apewe muda wa kujibu, na kumbukumbu itakayoondolewa ibaki katika hifadhi pamoja na jina la aliyeamua na sababu yake, ili iweze kurudishwa.

Na jozi ambayo ushahidi wake haukutosha ibaki daftarini, majina yote mawili. Kituoni kuna picha ya mpiga kura na kuna wino wa kidole vya kumzuia anayetaka kurudi mara ya pili. Aliyefutwa kimakosa hana cha kumsaidia asubuhi ya uchaguzi.