Safu Mbili za Maandishi: Kiswahili na Kiingereza Kikabiliana

Kitabu chenye Kiswahili katika safu ya kushoto na Kiingereza katika safu ya kulia humwahidi msomaji jambo moja: jicho lake likivuka kutoka aya moja kwenda ya pili, litakuta habari ile ile. Ahadi hii hutimizwa kwa wepesi ikiwa mwandishi alizikata aya zake mwenyewe. Asipozikata, mhariri hulazimika kuzikata, na hapo kazi inayodhaniwa kuwa ya mpiga chapa hugeuka kuwa ufasiri kabla tafsiri haijaanza.

Mfano mwema ni habari za mji wa Elisabethville, ambao tangu 1966 huitwa Lubumbashi. Zilikusanywa na André Yav mwaka 1965 kwa ajili ya watu waliowahi kuwa watumishi wa nyumbani, zikapigwa taipu katika Kiswahili cha Katanga kwa jina la Vocabulaire de ville de Elisabethville. Vituo havifuati kanuni, na mara nyingi maneno yameunganishwa au kutenganishwa pasipotarajiwa. Johannes Fabian, aliyelitoa andiko hilo pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1990, hakutegemea macho peke yake. Kalundi Mango alilisoma kwa sauti, sauti ikanaswa, na Kiswahili kikaandikwa upya kutokana na usomaji ule. Pumzi ya msomaji ikaonyesha mahali ambapo karatasi ilinyamaza.

Njia hii ni bora kuliko ile ya wahariri wengi, ambao hutafsiri kwanza, wakazikata aya za Kiingereza kama Kiingereza kipendavyo, kisha wakarudi kukikata Kiswahili kilingane nazo. Kiswahili kilichotendewa hivyo huweza kutambulika: aya huanza na kitenzi chenye -ka-, hali kitenzi kinachotegemewa kimebaki mwisho wa aya iliyotangulia. Hata hivyo pumzi ya Mango si pumzi ya Yav. Usomaji hutoa mpaka unaoaminika katika lugha ile. Hautoi nia ya mwandishi, na mhariri mwaminifu huacha alama mahali alipoamua yeye.

Itazamwe sentensi hii, iliyotungwa kwa ajili ya maelezo haya: "Basi tulipowaambia wakakataa, tukarudi, tukakaa, hata jua likachwa." Ina maneno manane. Kiingereza chake huhitaji maneno mengi zaidi, kwa kuwa "tulipowaambia" peke yake hudai manne. Mfasiri hushawishika kuigawa iwe sentensi mbili au tatu, na si kosa, maadamu zote zinakaa katika aya ile ile. Kosa huingia palipo na mazungumzo. Kiingereza hutaka kila msemaji aanze mstari mpya. Msimulizi wa Kiswahili husema "akasema" na "wakamjibu" bila kusimama. Aya moja ya kushoto yaweza kukabiliwa na vifungu vitano vya kulia. Kama kila upande unahesabiwa peke yake, aya ya kumi ya Kiswahili itatazamana na ya kumi ya Kiingereza, ambayo kwa kweli ni sehemu ya sita, na tangu hapo kitabu chote kimepinda.

Dawa ni nambari moja tu, nayo ni ya Kiswahili. Vifungu vya Kiingereza vinavyozaliwa ndani ya aya havipewi nambari. Tena safu zisiachwe zitiririke kila moja kwa mwendo wake. Kila aya na tafsiri yake ziwekwe katika mstari mmoja wa jedwali, na mstari unaofuata usianze mpaka ile iliyo ndefu imalizike. Aya ikirukwa, chumba chake kitaonekana kitupu na kosa litakomea hapo. Katika safu zinazotiririka, aya iliyorukwa hujificha mpaka mwisho wa sura, ambapo upande mmoja humalizika mapema bila sababu.

Upana nao una neno. Maneno ya Kiswahili ni machache lakini marefu; katika safu nyembamba hukatwa mwisho wa mstari au huacha mapengo katikati. Mpiga chapa aliyezoea Kiingereza hutenga m na b, akaandika "tulipowaam-bia", ilhali silabi ni "mbi" na mkato wa haki ni "tulipowaa-mbia". Afadhali safu ya Kiswahili isisawazishwe ukingo wa kulia, maneno yakabaki mazima.

Hubaki nafasi nyeupe, hasa chini ya Kiswahili, kwa sababu Kiingereza cha maelezo hupenda kurefuka. Wako wanaoichukia nafasi hiyo, wakaipunguza kwa kuziunga aya mbili za Kiswahili kuwa moja. Iachwe. Ikiwa kubwa mno katika aya moja kuliko jirani zake, yafaa mhariri ausome tena upande wa kulia, kwani mara nyingi mfasiri ameingiza humo maelezo yake mwenyewe, ambayo mahali pake ni chini ya ukurasa.