Alfa ya 0.30: Tulikague Dodoso Kabla ya Kulitupa

Tuchukue mfano wa dodoso la kauli tano linalopima kuridhika na kazi kwa walimu wa shule za msingi. Kila kauli hujibiwa kwa alama 1, "sikubaliani kabisa", hadi 5, "nakubaliana kabisa". Dodoso linajaribiwa kwa walimu wasiokuwemo kwenye sampuli, na alfa ya Cronbach inatoka 0.30. Kiwango kinachokubalika kwa kawaida ni 0.70.

Alfa, aliyoipa jina hilo Lee Cronbach mwaka 1951, huonyesha kama kauli zinakwenda pamoja:

```
alfa = (k / (k - 1)) * (1 - V / T)
```

Hapa k ni idadi ya kauli, V ni jumla ya varianzi za kauli moja moja, na T ni varianzi ya alama za jumla. Kauli zikiafikiana, anayepata alama kubwa kwenye moja huipata kwenye nyingine pia. Hivyo jumla za walimu hutofautiana sana, na T huiacha V mbali. Katika mfano wetu V ni 5 na T ni 6.6 tu.

Tukilinganisha kila kauli na jumla ya zilizobaki, kauli ya tano inatoa uhusiano hasi. Inasema: "Nikipata kazi nyingine nitaacha ualimu." Mwalimu aliyeridhika huikataa, akapewa alama 1 mahali alipostahili 5. Dawa yake ni kugeuza alama: 6 kutoa alama ya awali. V inabaki 5, T inapanda hadi 13, na alfa inafika 0.77. Hakuna swali lililofutwa.

Kinachofuata, ili kuona kama majibu yanadumu, ni kuwauliza walimu walewale tena, tuseme baada ya wiki mbili, ili wasijibu kwa kukumbuka. Mgawo wa Pearson kati ya alama za mara ya kwanza na za pili peke yake hautoshi hapa: kila mwalimu akiongeza alama mbili, bado utasoma 1. Kwa hiyo tulinganishe wastani pia. Na kama mshahara umeingia katikati ya mara hizo mbili, huenda kilichobadilika ni hali ya mwalimu, si uthabiti wa dodoso.

Hata hivyo, kauli tano zinazouliza mshahara tu kwa maneno tofauti zinaweza kupata alfa ya 0.95 na majibu yaleyale mara zote mbili, huku mazingira ya darasa na uongozi wa shule havijaguswa. Huo ni upungufu wa uhalali, na hesabu hizi haziuoni. Unaonwa na wajuzi wanaopitia kauli moja moja, na walimu wanaoombwa kueleza walivyoielewa kila kauli. Kazi hiyo itangulie, kwa sababu kauli ikibadilishwa maneno, alfa ya mwanzo haiihusu tena.